Ulizaliwa Kampene, Ukaandikwa Wapi? Mahali pa Kuzaliwa Katika Nchi Iliyobadili Majina

Mhadhara kwa wakaaji wa Kampene, teritwari ya Pangi, jimbo la Maniema



Leo nitazungumzia kisanduku kimoja tu cha fomu, kile kinachouliza mahali pa kuzaliwa. Nimekichagua kwa sababu ndicho kinachowarudisha watu wetu wengi kutoka kwenye madirisha ya ofisi. Wamezaliwa Kampene na hawajahama moyoni mwao, lakini cheti kinasema Zaire, kadi ya uchaguzi inasema Maniema, hati ya shule inasema Kivu, na barua ya mtoto aliye ng'ambo inasema Kindu. Karani anazipanga karatasi hizo mezani, anauliza, "Wewe ni mtu mmoja au watu wanne?" Swali hilo linaumiza. Lina jibu, na jibu lenyewe linaanzia kwenye historia.

Tuwachukue watu wanne wa mfano, wote waliozaliwa hapa hapa Kampene. Wa kwanza ni mzee aliyezaliwa mwaka 1945. Wa pili ni baba aliyezaliwa mwaka 1962. Wa tatu ni mama aliyezaliwa mwaka 1974. Wa nne ni kijana aliyezaliwa mwaka 1993. Ardhi ni ile ile, tena tuseme hata nyumba ni ile ile.

Mzee wa 1945 alizaliwa katika Kongo ya Wabelgiji. Maniema wakati huo ilikuwa distrikti, na jimbo lililoibeba liliitwa Costermansville, kwa jina la kikoloni la mji tunaouita Bukavu. Jimbo hilo lilikuwa limekatwa kutoka Jimbo la Mashariki mwaka 1933, na mwaka 1947 likapewa jina la Kivu. Kwa hiyo karatasi ya ubatizo ya mzee huyu ikisema Costermansville, haisemi kwamba alizaliwa mjini Bukavu. Inataja jimbo. Mjukuu anayeisoma haraka atamhamishia babu yake kwenye ufuko wa ziwa ambako pengine hakukanyaga utotoni.

Baba wa 1962 ndiye mwenye mtego mkubwa kuliko wote. Nchi yetu ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ilijiita Jamhuri ya Kongo. Jirani zetu wa Brazzaville nao walipata uhuru mwaka ule ule, nao wakajiita Jamhuri ya Kongo. Watu walizitofautisha kwa kutaja mji mkuu: Kongo-Léopoldville na Kongo-Brazzaville. Sisi tukawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu tarehe 1 Agosti 1964, ilipoanza kutumika katiba iliyoandikwa Luluabourg, yaani Kananga ya leo. Sasa basi, cheti cha 1962 kinachosema Jamhuri ya Kongo ni sahihi kabisa. Lakini jina hilo leo ni la nchi nyingine, ile ya Brazzaville. Mtu akilinakili kama lilivyo kwenye fomu inayotaka jina la leo, amembadilishia baba huyu nchi ya kuzaliwa bila kujua.

Mama wa 1974 alizaliwa Zaire. Jina hilo lilianza tarehe 27 Oktoba 1971. Na si nchi tu iliyobadilika, hata ngazi za utawala zilipewa majina mapya: jimbo likawa rejioni, distrikti ikawa surejioni, teritwari ikawa zoni, sekta ikawa kolektivite. Kwa hiyo cheti chake kinasomeka: Kampene, zoni ya Pangi, surejioni ya Maniema, rejioni ya Kivu, Jamhuri ya Zaire. Kila neno hapo lilikuwa kweli siku kilipoandikwa.

Kijana wa 1993 naye alizaliwa Zaire, lakini Kivu haimo tena. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa sehemu tatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kwake yeye ni zoni ya Pangi, rejioni ya Maniema. Alipokuwa na umri wa miaka minne, tarehe 17 Mei 1997, nchi ikarudia jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, rejioni zikarudi kuwa majimbo, na zoni zikarudi kuwa teritwari. Na mwaka 2015 nchi ilipofikisha majimbo 26, kama katiba ya 2006 ilivyopanga, Maniema haikuguswa. Jirani zetu wa Kisangani na Lubumbashi waliona majimbo yao yakikatwa vipande, sisi tulikuwa tumeshakatwa tangu 1988.

Sasa tazameni watu hao wanne kwa pamoja. Kitu kimoja hakikubadilika kwa yeyote: Kampene. Kila kilichobadilika kiko juu ya Kampene. Huu ndio msingi wa yote nitakayosema. Mahali pa kuzaliwa pana sehemu mbili. Kuna mahali penyewe, pale mtoto alipolia mara ya kwanza. Na kuna ngazi zilizobeba mahali hapo: sekta, teritwari, jimbo, nchi. Mahali penyewe hapabadiliki maisha yote. Ngazi zinabadilika, na kila moja ina tarehe zake. Mtu akichanganya hivyo viwili ndipo matatizo yanapozaliwa.

Kosa la kwanza linalotokana na kuchanganya huko ni la kupandisha mji. Mtu amezaliwa Kampene, lakini kwa kuwa afisa wa mbali haijui Kampene, anaandika Kindu. Anaona anamsaidia. Kindu ni makao makuu ya jimbo, iko kando ya Lualaba, iko kwenye kila ramani. Lakini kutoka hapa hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 100, na cheti kinasema Kampene. Huko si kubadilisha ngazi, ni kubadilisha mahali penyewe, na hakuna historia ya majina inayoweza kukutetea. Zaidi ya hayo, Kindu nayo ina jina lake la zamani. Wazee waliozaliwa huko zama za Wabelgiji wana karatasi zinazosema Port-Empain, kwa jina la baroni Empain, ambaye kampuni yake ilijenga reli ya huko. Ukikimbilia Kindu ili kukwepa maswali, utakutana na maswali mengine.

Kosa la pili ni la hapa nchini kwetu hasa: kuchanganya kuzaliwa na asili. Karatasi zetu, kadi ya uchaguzi ikiwamo, zinataja mahali pa kuzaliwa na tena zinataja asili: jimbo, teritwari, sekta ya baba. Mtoto wa Mrega wa Pangi aliyezaliwa Bukavu ana asili ya Pangi, ila mahali pake pa kuzaliwa ni Bukavu. Fomu za nchi nyingine nyingi haziulizi asili kabisa. Zinauliza mama yako alijifungulia wapi. Anayejibu kwa fahari ya ukoo wake, "Pangi", atakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kosa la tatu linawapata hasa watu waliozaliwa kabla ya 1988. Cheti kinasema Kivu. Fomu ya leo inampa orodha ya majimbo achague, na Kivu tupu haimo. Kuna Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Anachagua ya Kusini kwa sababu Shabunda iko karibu na Warega wako pande zote mbili. Hapo amekosea jimbo. Orodha ya leo inataka jimbo lenye Kampene leo, nalo ni Maniema. Kivu ya 1974 ilikuwa kubwa kuliko Kivu zote mbili za leo zikiunganishwa, kwa sababu na sisi tulikuwa ndani yake.

Baada ya hayo, tuje kwenye swali linaloulizwa kuliko yote: niandike jina la wakati ule au jina la leo? Watu wengi wanatafuta kanuni moja ya dunia nzima. Haipo. Kila fomu ina kanuni yake, na imeandikwa katika maelekezo yake, karatasi zile ambazo hatupendi kuzisoma. Nitawaonyesha mfano kutoka kwenye serikali moja, ile ya Marekani, kwa sababu ndugu zetu wengi wanakutana nayo na kwa sababu yenyewe ina kanuni mbili zinazopingana.

Bahati nasibu ya viza, ile tunayoiita loto ya Marekani, inauliza nchi ya kuzaliwa. Maelekezo yake yanataka jina linalotumika sasa kwa mahali ulipozaliwa. Kwa hiyo mama wetu wa 1974 haandiki Zaire. Kwenye orodha ya skrini anatafuta `Congo, Democratic Republic of the`, na anaangalia sana kwa sababu Kongo ya Brazzaville imeandikwa jirani yake, kidole kikiteleza ni nchi nyingine. Pale panapouliza mji wa kuzaliwa anaandika Kampene peke yake, maana maelekezo yanakataza kuongeza wilaya au jimbo ndani ya kisanduku cha mji.

Tuseme sasa mama huyo amefika Marekani kwa njia nyingine, kama mkimbizi, na anaomba kibali cha kazi kwa fomu `I-765`, au ukaazi wa kudumu kwa fomu `I-485`. Hizi ni za idara ya uhamiaji, na maelekezo yake yanasema kinyume: andika jina la nchi kama lilivyokuwa siku ulipozaliwa, hata kama nchi imebadilisha jina au haipo tena. Hapa mama anaandika Zaire, na halazimiki kuona haya wala hofu. Na kwa kuwa `I-765` ina visanduku vitatu, kimoja cha mji au kijiji, kimoja cha jimbo, kimoja cha nchi, atavijaza hivi: Kampene, Kivu, Zaire. Vyote vitatu ni vya siku moja, vyote viko kwenye cheti chake.

Angalieni hilo neno, vya siku moja. Ndiyo kanuni ninayowaomba mwende nayo. Ngazi zote unazoandika katika jibu moja ziwe za wakati mmoja. Kampene, Kivu, Zaire ni jibu la 1974. Kampene, Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni jibu la leo. Yote mawili ni kweli. Lakini Kampene, Kivu ya Kusini, Zaire si jibu la wakati wowote wa mtu aliyezaliwa Kampene. Hapajawahi kuwa na siku ambayo Kampene ilikuwa Kivu ya Kusini. Afisa anayeijua historia yetu ataona mara moja kwamba karatasi imetungwa, au mwenye karatasi hajui kwao. Na hata kama wewe ni mkweli, umempa sababu ya kukushuku.

Kuna wakati fomu yenyewe haikubali kanuni yake. Maelekezo yanataka jina la zamani, lakini orodha ya skrini haina Zaire. Hapo huna la kufanya ila kuchagua jina la leo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mashine inatambua nchi kwa alama zake. Alama ya nchi yetu katika pasipoti ilikuwa `ZAR` enzi za Zaire na sasa ni `COD`. Ukipata nafasi ya maelezo ya ziada mwishoni mwa fomu, andika sentensi moja: "Nilizaliwa Kampene mwaka 1974, wakati huo ikiwa rejioni ya Kivu, Jamhuri ya Zaire, leo ni jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo." Sentensi hiyo moja inajibu maswali yote ambayo karani angekuuliza. Iandikeni nyuma ya daftari, kila mtu kwa tarehe yake.

Kama hakuna maelekezo na hakuna orodha, kisanduku kitupu tu? Basi fuata cheti kwa mahali penyewe, Kampene, na uweke ngazi za leo. Anayepokea fomu leo anataka kupajua mahali kwenye ramani ya leo. Nafasi ikitosha, ongeza jina la zamani kwa neno "zamani" mbele yake. Nafasi isipotosha, mahali penyewe ndipo pa kulindwa. Ni afadhali kuandika Kampene tupu kuliko kufuta Kampene ili jina la jimbo lienee.

Sasa nije kwenye vyeti vyenyewe, maana hapa ndipo hasara kubwa zinapofanyika. Watu wanakuja ofisini na cheti cha Zaire wanaomba kibadilishwe kiseme Kongo. Wengine wameambiwa mitaani kwamba cheti cha Zaire kimekufa. Hakijafa. Cheti cha kuzaliwa kinaeleza tukio la siku moja, na kinaandikwa kwa majina ya siku hiyo. Nchi kubadilisha jina hakukifanyi kuwa cha uongo. Ofisa wa etasivili hana ruhusa ya kufuta neno Zaire katika kitabu cha 1974 na kuandika lingine juu yake. Akifanya hivyo ameharibu kitabu.

Kinachotolewa ofisini leo ni nakala ya kile kilichomo kitabuni. Jifunzeni kuisoma nakala, kwa sababu ina tarehe mbili ndani yake. Kichwa cha karatasi, muhuri na saini ni vya siku nakala ilipotolewa, kwa hiyo nakala ya mwaka 2020 itakuwa na kichwa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jimbo la Maniema, teritwari ya Pangi. Lakini mwili wa nakala unarudia kitabu, kwa hiyo ndani yake mtakuta zoni, rejioni, Zaire. Kichwa cha leo na mwili wa zamani, hiyo ndiyo sura ya nakala ya kweli. Kinyume chake ndicho kinachoshtua: karatasi inayodai iliandikwa mwaka 1974, lakini kichwa na mwili vyote vinasema jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1974 maneno hayo hayakuwapo kwenye karatasi ya ofisi yoyote ya hapa. Mtu aliyeuziwa karatasi ya namna hiyo sokoni ameuziwa kesi.

Watafsiri nao nawaomba wasikilize. Mtafsiri anapokuta Zaire aandike Zaire. Anapokuta zoni asiigeuze kuwa teritwari kwa kuwa anajua ndivyo inavyoitwa leo. Kazi yake ni kusema karatasi inasema nini. Akitaka kusaidia, aweke maelezo yake chini, nje ya tafsiri, yakiwa na jina lake: kwamba Zaire ni jina la zamani la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwamba zoni ya Pangi ni teritwari ya Pangi ya leo. Tafsiri iliyosasishwa kimyakimya inapowekwa kando ya cheti chenyewe, hazilingani, na afisa hajui ni ipi inayodanganya.

Basi ni lini inabidi kwenda mahakamani? Kuna hali mbili, na zote hazihusiani na nchi kubadilisha jina. Hali ya kwanza ni kosa la siku ile ile. Mtoto alizaliwa Kampene, lakini baba alimwandikisha akiwa safarini na karani akaandika Kindu. Hilo lilikuwa kosa tangu wino ulipokauka. Kulirekebisha kunahitaji hukumu ya mahakama inayoamuru kitabu kisahihishwe, na utahitaji mashahidi au karatasi ya uzazi ya hospitali. Hali ya pili ni kutokuwa na cheti kabisa, ama kwa sababu mtoto hakuandikishwa, ama kwa sababu vitabu viliungua au kupotea wakati wa vita. Hapo mahakama inatoa hukumu inayoshika nafasi ya cheti, ile tunayoiita sipletifu.

Kuhusu sipletifu nina neno la tahadhari. Hukumu hiyo inaandikwa leo juu ya jambo la zamani, kwa hiyo hakimu kwa kawaida ataandika majina ya leo: Kampene, teritwari ya Pangi, jimbo la Maniema. Hakuna ubaya. Lakini mwombeni, kwa heshima, pale mnapotoa maelezo yenu, aongeze kwamba wakati wa kuzaliwa mahali hapo palikuwa katika rejioni ya Kivu, Jamhuri ya Zaire. Maneno hayo machache yataiunganisha hukumu na hati zako za shule za zamani. Na msiombe sipletifu kama cheti cha kweli kipo kitabuni, eti kwa sababu kile cha zamani kinasema Zaire na ninyi mnataka kipya. Mtakuwa na kumbukumbu mbili za kuzaliwa kwa mtu mmoja, na siku zitakapokutana mezani kwa afisa hazitalingana namba, tarehe ya kuandikwa, wala aliyeandika.

Yamebaki majina ya vijiji, na hapa ninasema na watu wa mbali na barabara. Mji wa Kampene una bahati, jina lake limekaa. Lakini kuna vijiji vilivyohamishwa na utawala wa kikoloni vikapangwa kando ya njia za magari, na kuna vijiji vilivyojulikana kwa jina la mzee wao, mzee alipofariki watu wakaanza kusema jina la mrithi. Mtu aliyezaliwa katika kijiji cha namna hiyo ana cheti chenye jina ambalo haliko kwenye ramani yoyote, na vijana wa leo hawalijui. Hapa kanuni ya ngazi haitoshi, kwa sababu mahali penyewe ndipo palipobadilika jina.

Fanyeni hivi. Katika fomu, andikeni jina la kijiji kama lilivyo kwenye cheti. Msilibadilishe. Kisha nendeni kwa mkuu wa kijiji na mkuu wa sekta mkiwa na wazee wawili wanaolikumbuka jina la zamani, mkaombe barua. Barua iseme mambo manne tu: jina la zamani, jina la leo, takriban mwaka jina lilipobadilika au watu walipohama, na kwamba ni kijiji kile kile, au kama kilihama, kilihama kutoka wapi kwenda wapi. Iwe na muhuri na tarehe. Barua hiyo haibadilishi cheti wala haishindani nacho. Inasimama kando yake ikieleza. Fanyeni hivyo wakati wazee wako hai, kwa sababu baada yao hakuna atakayeweza kuapa.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Huko Tanzania, mtu aliyezaliwa Mpanda miaka ya 1990 alizaliwa mkoa wa Rukwa, na tangu 2012 Mpanda iko mkoa wa Katavi. Wakenya waliozaliwa katika jimbo la Pwani, mfumo wa zamani, leo wana kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi na nyinginezo zilizokuja na katiba ya 2010. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao walibadilisha ngazi za kati. Sisi tulibadilisha ngazi za kati na nchi pia, tena jina la nchi likaenda na kurudi. Jina la sasa lilitumika kuanzia 1964, likaondolewa 1971, likarudishwa 1997. Ndiyo maana aliyezaliwa mwaka 1968 na aliyezaliwa mwaka 2001 wana nchi yenye jina moja kwenye vyeti, na aliyezaliwa kati ya 1971 na 1997 ana jina lingine. Karani wa mbali asiyelijua hilo atadhani mdogo na mkubwa wa tumbo moja walizaliwa nchi mbili. Mpeni tarehe, hamtahitaji kubishana naye.

Kwa watoto wanaozaliwa sasa, tunaweza kuwapunguzia taabu hii. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto. Mnapomwandikisha, hakikisheni karani anaandika mahali penyewe kwanza, kijiji au mtaa na Kampene, kisha ngazi zote bila kuruka hata moja. Msikubali cheti kinachosema Pangi tu, au Maniema tu. Mipaka na vyeo vya miji bado vinaendelea kubadilika nchini. Mwaka 2013 dekreti ilizipa sehemu nyingi za nchi hadhi ya mji au ya komini, na utekelezaji wake ukacheleweshwa baadaye. Mtoto wa leo naye anaweza kukuta ngazi zake zimepewa majina mapya atakapofika miaka thelathini. Kama cheti chake kinataja mahali penyewe waziwazi, hatapotea.

Nina ombi moja la mwisho kwa makarani na walimu mlio hapa. Tutengeneze ukurasa mmoja, wa sekta hii. Upande mmoja tuandike tarehe za nchi: 1960, 1964, 1971, 1997. Upande wa pili tarehe za jimbo: 1933, 1947, 1988. Chini yake tuorodheshe vijiji vyetu, kila kimoja na jina lake la zamani na la leo, kama wazee watakavyotuambia. Mkuu wa sekta autie saini na muhuri, nakala ibandikwe ukutani ofisini, nyingine ibaki shuleni. Anayeondoka kwenda Kindu, Bukavu, Kampala au mbali zaidi apewe nakala yake pamoja na cheti chake. Kazi hiyo haihitaji fedha ya nje wala ruhusa ya Kinshasa, na tunaweza kuianza wiki hii, kijiji kimoja baada ya kingine.